Sura ya Sita: Nyota za Apu Mbele ya Mwajiri

"Nimebeba watu na mizigo miaka mitatu. Fomu ya kazi inaniuliza uzoefu wangu. Niandike nini, na sina barua hata moja?"

Swali hili utalisikia kwenye steji ya Olympic kule Kibera, utalisikia Kawangware 46, na utalisikia nje ya kila mkahawa wa Kilimani ambako vijana wa pikipiki huketi wakingoja oda iive. Anayeuliza kwa kawaida ameshajibu mwenyewe kwa namna mojawapo kati ya mbili. Ama ameacha nafasi ile wazi, kana kwamba miaka mitatu haikuwapo, ama ameandika neno moja, "boda", akaongeza kwamba yeye ni mchapakazi na mwaminifu. Majibu yote mawili humfikisha mahali pamoja: fomu inawekwa kando.

Sura hii inaonyesha njia ya tatu. Kazi za apu, yaani zile zinazopatikana kupitia programu ya simu inayomkutanisha mwenye kutaka huduma na mwenye kuitoa, huacha alama nyingi kuliko kazi nyingi za kuajiriwa. Kila safari ina saa, tarehe, mahali, malipo na mara nyingi maoni ya mteja. Taabu ni kwamba alama hizo zimelala ndani ya simu kwa lugha ya apu, na mwajiri anasoma lugha nyingine. Tutajifunza kuzitoa, kuzipima na kuziandika, kisha tutaona mahali zinapokoma.

Kwa nini huna barua

Tuanze na sheria, kwa sababu ndiyo inayoeleza pengo lako. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka hati ya utumishi, almradi kazi yake ilidumu angalau wiki 4 mfululizo. Ni karatasi fupi inayothibitisha kwamba mtu alifanya kazi mahali fulani.

Wewe hukuipata kwa sababu kampuni za apu haziwahesabu madereva na wapelekaji kuwa wafanyakazi wake. Mkataba ulioukubali kwa kubonyeza kwenye simu unakutaja kama mkandarasi binafsi, yaani mtu anayefanya kazi kwa niaba yake mwenyewe na kulipwa kwa kila kazi. Ndiyo sababu hupaswi kuandika "mfanyakazi wa Uber" au "mwajiriwa wa Glovo". Afisa wa ajira akipiga simu huko, ataambiwa hawana mfanyakazi wa jina hilo, na kuanzia hapo hataamini hata yale yaliyo kweli.

Sasa tazama kilichomo ndani ya hati yenyewe. Sheria inataka mambo haya: jina na anwani ya mwajiri, jina la mfanyakazi, tarehe aliyoanza, aina ya kazi na mahali ilipofanyika, na tarehe aliyoacha. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri halazimiki kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji wa mtu huyo. Jirani yako aliyefanya kazi ghalani miaka mitatu anaweza kuwa na hati isiyosema kama alifika kwa wakati, wala kama wateja walimpenda.

Ukilinganisha, utaona kwamba unayo karibu kila kitu kilicho kwenye hati ile: jina la apu, jina lako, siku ya safari yako ya kwanza, aina ya kazi, mitaa uliyofanyia, na siku ya safari ya mwisho. Zaidi ya hapo unacho kile ambacho mwenzako huenda hana, yaani rekodi ya utendaji. Unachokosa ni mtu wa kuyaandika hayo kwenye karatasi moja na kutia sahihi. Kazi hiyo ya kuandika utaifanya mwenyewe, na mahali pa sahihi utaweka ushahidi ambao mwajiri anaweza kuukagua.

Mwajiri anauliza nini hasa

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Si mtu halisi wala si kampuni halisi. Nimeuunda kutokana na mambo ya kawaida ya kazi hii ili tuweze kufanya hesabu pamoja.

Maabara moja ya uchunguzi wa magonjwa, kando ya Barabara ya Ngong, imetangaza nafasi ya tarishi wa pikipiki. Atakusanya sampuli za damu na mikojo kutoka kliniki ndogo, azilete maabara, na arudishe majibu. Tangazo linataka cheti cha KCSE, leseni halali, cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, uzoefu wa miaka 2, "huduma bora kwa wateja" na "uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa".

Maneno hayo mawili ya mwisho yako kwenye karibu kila tangazo, kwa hiyo waombaji huyarudisha jinsi yalivyo: "Nina huduma bora kwa wateja." Mwajiri hajapata kitu. Yaliandikwa kwa sababu kuna jambo lililomuumiza zamani. Tarishi mmoja hakutokea Jumatatu na simu ikazimwa. Mwingine aliacha mzigo kwa mlinzi, ukapotea. Mwingine alibishana na muuguzi mbele ya wagonjwa. Kwa hiyo nyuma ya maneno yale kuna maswali matatu ya kawaida kabisa:

1. Je, mtu huyu atatokea kazini, wiki baada ya wiki?
2. Akishachukua mzigo, atamkabidhi mwenyewe?
3. Akiwa peke yake na mteja aliyekasirika, au na pesa zisizo zake, atafanyaje?

Rekodi za apu zinayajibu maswali haya vizuri, mradi uchague namba zinazofaa.

Namba zenye uzito na zisizo na uzito

Namba ambayo kila mtu hukimbilia kuonyesha ni nyota. "Niko na 4.9!" Kwa bahati mbaya, hiyo ndiyo namba inayosema kidogo kuliko zote. Wateja wengi hutoa nyota tano ilimradi hakuna lililoharibika, basi karibu wote wanaodumu kazini wako juu ya 4.7. Tena wastani huo haubebi historia yako yote. Kwa Uber, kwa mfano, ni wastani wa safari 500 za mwisho zilizopewa nyota. Aliyefanya safari 600 na aliyefanya safari 6,000 wanaweza kuonyesha 4.9 ileile. Nyota ziandike, lakini ziwe za mwisho kwenye orodha.

Namba ya kwanza yenye uzito ni *mwendelezo*: wiki ngapi ulifanya kazi kati ya wiki zote za kipindi fulani. Apu hutoa taarifa ya mapato ya kila wiki. Wiki yenye mapato ni wiki uliyofanya kazi. Hakuna aliyekulazimisha kutoka nyumbani asubuhi ile ya mvua, matope yakiwa yamejaa njia za Gatwekera. Mtu aliyetoka wiki 49 kati ya 52 bila kusimamiwa na yeyote amelijibu swali la kwanza, na amejibu pia lile sharti la "bila kusimamiwa".

Namba ya pili ni *kukamilisha*: kati ya oda au safari ulizozichukua, ngapi zilifika mwisho. Usiichanganye na kiwango cha kukubali, ambacho ni sehemu ya maombi uliyoyapokea kati ya yote uliyoonyeshwa na simu. Kiwango cha kukubali kinaweza kuwa chini kwa sababu nzuri tu: ulikataa kuvuka mji mzima saa ya msongamano kwa malipo yasiyofikia petroli. Mwajiri hajui hesabu hizo, na namba hiyo itamfanya akudhanie mvivu. Kukamilisha kunahusu ahadi uliyokwisha kuitoa, na ndiko anakokutafuta.

Namba ya tatu ni *pesa za watu*. Kama ulipeleka oda zilizolipiwa taslimu mlangoni, ulikuwa unashika pesa za kampuni na kuziwasilisha baadaye, au apu iliendelea kukudai. Wapelekaji wengi hulichukulia jambo hili kuwa usumbufu tu. Mbele ya mwajiri ni ushahidi wa uaminifu, na taarifa yako ya M-Pesa inaonyesha kila siku uliyoziwasilisha.

*Kwa ufupi:* mwendelezo unajibu "atatokea?", kukamilisha kunajibu "atafikisha?", na pesa za watu zinajibu "ataaminika?" Nyota zinasindikiza tu.

Hesabu ya kijana wa Gatina

Tumpe nafasi ile mwombaji wetu. Anaishi Gatina, Kawangware. Kuanzia Machi 2022 hadi Agosti 2024, yaani miezi 30, amekuwa akipeleka chakula kwa pikipiki Kilimani, Kileleshwa na Lavington. Kwenye wasifukazi wake, ile karatasi ya kueleza elimu na kazi za mtu, alikuwa ameandika hivi:

> 2022–2024: Boda boda. Kupeleka chakula. Mchapakazi, mwaminifu, mpole kwa wateja.

Jioni moja alikaa na simu, kalamu na daftari. Kwenye wasifu wake ndani ya apu aliona jumla ya oda alizokamilisha: 6,240. Kisha akafungua taarifa za wiki za mwaka wa mwisho, moja baada ya nyingine, akihesabu. Wiki 49 zilikuwa na mapato. Tatu hazikuwa nayo: mbili pikipiki ilikuwa kwa fundi, moja alikuwa amekwenda mazishi nyumbani.

Katika wiki hizo 49 alichukua oda 2,450 na kukamilisha 2,426. Oda 24 hazikufika. Wengi wangeishia kuandika asilimia 99, wakaridhika. Yeye alizifungua zile 24, na kazi hiyo ndiyo iliyompa sentensi yake bora. Oda 11 mkahawa ulikuwa umefunga au chakula kimekwisha. Oda 8 mteja hakupatikana kwa simu wala mlangoni. Oda 5 zilikwama kwa sababu pikipiki yake ilipata pancha au ilizimika. Maana yake ni kwamba zilizoharibika upande wake zilikuwa 5 kati ya 2,450, au moja katika kila 490.

Kwa nini kuzitaja zile 5? Kwa sababu mtu wa maabara anajua kwamba pikipiki huharibika. Anayedai hajawahi kukwama atashukiwa. Anayejua hasa amekwama mara ngapi, na kwa nini, anaonyesha kwamba huifuatilia kazi yake. Sasa nafasi yake ya uzoefu ikawa hivi:

> Mpelekaji wa oda kwa pikipiki, mkandarasi binafsi kupitia apu (jina la apu hapa)
> Kilimani, Kileleshwa na Lavington, Machi 2022 – Agosti 2024
> – Nilikamilisha oda 6,240 katika miezi 30.
> – Katika miezi 12 ya mwisho nilifanya kazi wiki 49 kati ya 52.
> – Katika miezi hiyo nilifikisha oda 2,426 kati ya 2,450 nilizochukua. Oda 5 zilikwama kwa hitilafu ya pikipiki yangu.
> – Nilipokea malipo taslimu ya wateja na kuyawasilisha kwa kampuni kila wiki, sikuacha deni.
> – Nilikabidhi mzigo kwa mteja mwenyewe kwa kuthibitisha jina na namba ya oda. Wastani wa maoni ya wateja: 4.87 kati ya 5.
> – Taarifa za wiki na rekodi za apu zipo kwa ukaguzi.

Hakuna sifa hata moja pale. Neno "mchapakazi" limeondoka, na msomaji atalisema mwenyewe akifika mstari wa tatu.

Angalia pia ule mstari wa kukabidhi. Kwa mpelekaji wa chakula ni jambo la kila saa, wala halioni kuwa ujuzi. Maabara inaliona hivyo, kwa sababu sampuli iliyopewa mtu asiyehusika ni jina la mgonjwa mikononi mwa mgeni. Ndivyo unavyopaswa kusoma kila tangazo: tafuta lile tendo dogo la kazi yako ambalo kwenye kazi yao ni jambo zito, ulilete mbele.

Pia kuna vitu ambavyo kijana wetu hakuviandika. Hakusema anajua kubeba sampuli, maana damu huhitaji kiwango fulani cha ubaridi na namna maalumu ya kufungwa, na hayo hufundishwa. Hakusema amezoea kuanza saa moja asubuhi, kwa sababu rekodi zake zinaonyesha oda ya kwanza karibu kila siku ilikuja saa tano, watu walipoanza kuagiza chakula cha mchana. Akiulizwa, atasema hivyohivyo.

Kuzitoa rekodi kabla mlango haujafungwa

Rekodi hizi zinakaa kwa kampuni, na kampuni huondoka. SafeBoda iliacha shughuli zake Nairobi mwezi wa Novemba 2020. Jumia Food ilifunga mwishoni mwa Desemba 2023. Kampuni ikifunga, apu haifunguki tena kama zamani, na aliyekuwa akitegemea kuonyesha simu yake anabaki kusimulia kwa mdomo. Mlango unaweza pia kufungwa kwako peke yako, akaunti ikizuiwa. Kwa hiyo kusanya ukiwa bado kazini, kwa mpangilio huu:

1. *Piga picha ya skrini* ya wasifu wako: jina, tarehe ya kujiunga, jumla ya safari, nyota. Hakikisha jina lako na tarehe vinaonekana kwenye picha ileile. Picha yenye namba tupu inaweza kuwa ya mtu yeyote.
2. *Hifadhi taarifa za kila wiki* za miezi 12 ya mwisho, na uzitume kwenye baruapepe yako. Simu huibwa na huanguka majini.
3. *Chukua taarifa ya M-Pesa* ya kipindi hichohicho. Safaricom huituma kama faili ya PDF iliyofungwa kwa namba ya siri. Malipo ya apu yaliyoingia kwa jina lako yanaunga mkono zile picha za skrini.
4. *Iandikie kampuni* kuomba data yako.

Hatua ya nne ndiyo isiyojulikana na wengi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kifungu cha 26, inampa kila mtu haki ya kuona data yake binafsi inayoshikiliwa na kampuni. Kanuni zilizotungwa mwaka 2021 chini ya sheria hiyo zinaitaka kampuni ijibu ombi hilo ndani ya siku 7, bila kutoza ada. Barua yenyewe haizidi mistari mitatu: "Mimi ni mpelekaji kupitia apu yenu kwa namba hii ya simu. Chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019, naomba nakala ya data yangu binafsi, pamoja na historia ya safari, maoni ya wateja na tarehe ya kujiunga. Naomba kuipokea kwa baruapepe hii." Wakikaa kimya, malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wenzako wa mbali wamepitia njia hii. Madereva wa Uber na Ola kutoka Uingereza walipeleka madai yao ya data mahakamani mjini Amsterdam, na Aprili 2023 mahakama ya rufaa ya huko ikaamua kwa sehemu kubwa kwamba wana haki ya kuipata. Wewe huhitaji kufika mahakamani ili kuanza. Barua inatosha.

Kuna tahadhari moja. Kabla ya kumwonyesha mwajiri chochote, funika majina, namba za simu na nyumba za wateja. Hizo ni data za watu wengine, na sheria inayokulinda wewe inawalinda na wao. Isitoshe, mwajiri anayetafuta mtu wa kubeba majibu ya wagonjwa atatazama jinsi ulivyotunza siri za waliokuagiza chakula.

Kama akaunti si yako, au huna apu

Hapa lazima tuseme ukweli unaouma. Wengi wa Kibera na Kawangware hufanya kazi kwa akaunti ya kukodi: mwenye akaunti ni mtu mwingine, wewe unaendesha na kumlipa kila wiki. Safari ulizifanya wewe, lakini jina ni lake. Usizitumie rekodi hizo kama zako. Mwajiri akiona jina lisilolingana na kitambulisho, umeshajionyesha kuwa mtu aliyefanya kazi kwa jina la mwingine, na huo ndio uaminifu uliokuja kuuthibitisha.

Kilicho chako bado kipo. Mapato ya M-Pesa yaliyoingia kwa namba yako ni yako. Leseni yako ni yako, na inafaa uangalie daraja lake: kwa Kenya, A3 ndilo daraja la pikipiki za abiria, za upelekaji mizigo na za magurudumu matatu. Na zaidi ya vyote, una wateja wa kudumu, sawasawa na mwenzako wa steji asiyetumia apu kabisa.

Mfikirie mwendesha boda wa Makina ambaye kila asubuhi humpeleka mtoto wa jirani shule, kisha hurudi kumpelekea mama wa duka mzigo wake kutoka soko la Toi. Hana nyota. Lakini mzazi amemkabidhi mtoto wake, na hakuna mwajiri asiyeelewa uzito wa jambo hilo. Anachohitaji ni barua ya mrejelewa, yaani mtu anayekubali kuulizwa habari zako.

Barua nyingi za namna hii hazisaidii kwa sababu zinasema tu, "namjua, ni kijana mzuri." Mwombe aandike mambo manne: tangu lini, mara ngapi, alikukabidhi nini, na siku moja mambo yalipokwenda kombo ulifanya nini. Kwa mfano:

> Tangu Januari 2023 humpeleka binti yangu shule siku tano kwa wiki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Humkabidhi kwa mwalimu langoni. Siku moja pikipiki iliharibika njiani. Alinipigia simu papo hapo, akamfikisha kwa miguu. Napatikana kwa namba hii.

Sentensi hizo zinajibu maswali yetu yote matatu. Mwenyekiti wa steji naye anaweza kuandika kuhusu muda uliokaa stejini na zamu ulizoshika. Hata namba yako ya Pochi la Biashara, kama wateja hukulipa hapo, ina historia yenye tarehe. Mrejelewa mmoja aliyekuona kila wiki ana faida kuliko watatu wenye vyeo wasiokufahamu.

*Kwa ufupi:* jina lililo kwenye rekodi lazima liwe lililo kwenye kitambulisho. Kama halilingani, tafuta watu walioona kazi yako kwa macho.

Maswali ya chumbani

Wasifukazi mzuri hukufikisha kwenye mahojiano, na hapo yako maswali ambayo mtu wa apu ataulizwa kuliko mwingine.

*"Umezoea kujipangia muda wako. Hapa kuna msimamizi na ratiba. Utaweza?"* Jibu kwa zile wiki 49. Kisha eleza kwamba hata kwenye apu ratiba ilikuwapo: anayekosa saa za chakula cha mchana na cha jioni hapati kitu.

*"Akaunti yako iliwahi kuzuiwa?"* Kama iliwahi, sema ilikuwa lini, kwa sababu gani, na ilifunguliwaje. Kuzuiwa siku mbili kwa sababu bima ilichelewa kulipwa kunaeleweka. Ukificha, kisha wakagundua, hakuna maelezo yatakayosaidia.

*"Tueleze kuhusu mteja aliyekusumbua."* Chagua tukio ambalo na wewe ulikuwa na kosa dogo. Kijana wetu alieleza siku mchuzi ulipomwagika ndani ya mfuko. Alimwambia mteja kabla hajafungua, akaripoti kwenye apu akiwa palepale mlangoni ili arudishiwe pesa, na tangu hapo akawa anatenganisha vinywaji na chakula kwa kipande cha boksi. Mhoji wa maabara aliyasikia hayo akiwa anafikiria chupa za sampuli.

Mahali ushahidi huu unapokoma

Rekodi za apu hazichukui nafasi ya cheti kilichotakiwa. Tangazo likidai KCSE ya alama fulani, safari 6,000 hazitaibadilisha. Kwenye taasisi za umma, afisa wa ajira mara nyingi hana mamlaka ya kulegeza sharti hilo hata akikupenda. Kampuni ndogo na za kati zina nafasi zaidi ya kukusikiliza, hasa kwa kazi za utarishi, udereva, stoo na huduma kwa wateja.

Kwa anayetaka cheti chenyewe, njia imefunguka. Machi 2024 serikali ya Kenya ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambayo mtu hupimwa kwa anachoweza kufanya kisha akapewa cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kitaaluma, KNQA, ndiyo inayosimamia mfumo huo. Ukienda kupimwa, beba bahasha ileile uliyoikusanya, kwa sababu hata huko utaulizwa umefanya nini, lini na kwa muda gani.

Muhtasari wa sura

- Jiandike mkandarasi binafsi kupitia apu, kamwe usijiandike mwajiriwa.
- Tanguliza mwendelezo, kukamilisha na pesa za watu. Nyota zije mwisho.
- Zieleze oda zilizokwama, na utenge zilizokuwa kosa lako.
- Hifadhi rekodi ukiwa bado kazini, na uiombe kampuni data yako kwa maandishi.
- Funika habari za wateja.
- Usitumie rekodi za akaunti ya mtu mwingine.

Kazi ya jioni ya leo

Ukishaegesha pikipiki, fungua taarifa za wiki za mwaka uliopita. Chora mistari 52 kwenye daftari, na utie alama kwenye kila wiki yenye mapato. Zihesabu alama. Kando ya kila mstari usio na alama, andika sababu. Ukimaliza, ukurasa huo ndio mwanzo wa jibu la ile nafasi uliyoiacha wazi kwenye fomu, na ndio utakaouweka mezani mtu atakapokuuliza kama utatokea kazini Jumatatu.